Ziwa letu lilikauka lini? Tarehe mbili, kipimo kimoja

Ukiishi Mwanza na ukapenda kusoma habari za furu, mapema tu utakutana na utata. Andiko moja linasema samaki hawa, ambao wanasayansi wanawahesabu kuwa zaidi ya spishi 500, walizaliana na kugawanyika ndani ya miaka 12,000 tu, kwa sababu kabla ya hapo Ziwa Victoria lilikuwa limekauka kabisa. Andiko lingine linasema miaka 15,000. Mwalimu mwenzangu wa biolojia alinionyesha yote mawili kwenye simu yake akaniambia, "Mwalimu, hawa jamaa wanabahatisha. Hiyo kaboni yenu ya kemia haina maana."

Hawabahatishi. Tarehe zote mbili zimetoka kwenye kipimo kilekile, kwenye tope lilelile. Kosa ninaloliona mimi ni la wanaoandika "miaka" bila kusema ni miaka ipi, na nadhani kosa hilo linawafanya watu wengi waione mbinu nzima kuwa ya kitapeli.

Mwaka 1996 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Thomas Johnson kilichapisha matokeo ya mihimili ya tope iliyochomolewa chini ya ziwa. Chini ya tope laini la ziwa walikuta udongo mgumu wenye alama za mizizi, yaani palikuwa nchi kavu, mahali ambapo leo kuna maji ya kina kirefu. Tope la kwanza juu ya udongo huo lilipimwa kaboni-14, aina ya kaboni inayopungua polepole kitu kikishakufa, na umri uliotangazwa ulikuwa miaka 12,400 hivi.

Tarakimu hiyo inapatikanaje? Maabara haipimi miaka. Inapima ni sehemu gani ya kaboni-14 imebaki, ikilinganishwa na kiwango cha kitu kilicho hai. Tuite sehemu hiyo F. Kisha inaingizwa hapa:

```
t = -8033 × ln(F)
```

Ukitaka kuona 12,400 ikitokea, chukua kikokotoo, weka F = 0.2136, yaani imebaki asilimia 21 na kidogo. Logi asilia yake ni -1.5436. Zidisha kwa -8033, unapata 12,400. Jibu hilo huandikwa BP, yaani "kabla ya sasa", na "sasa" ya maabara ni mwaka 1950, si leo.

Sasa hiyo 8033 ndiyo inayowachanganya wengi. Imetoka kwenye nusu-uhai, yaani muda wa kaboni-14 kupungua hadi nusu, ya miaka 5568 aliyotumia Willard Libby, mwanzilishi wa mbinu hii, wakati vitabu vya shule vinatufundisha 5730. Mwanafunzi mwerevu ataruka haraka: kumbe tatizo ni hilo, wametumia nusu-uhai iliyopitwa na wakati! Basi tuijaribu. Kwa 5730, kizidisho kinakuwa 8267, na jibu linakuwa 12,760. Tumesogea miaka 360 tu. Bado hatujaikaribia 15,000. Maabara zimeendelea na 8033 kwa makubaliano, ili matokeo ya zamani na ya leo yalinganike, na tofauti hiyo inafidiwa baadaye, kwenye masahihisho.

Tatizo lenyewe liko kwenye dhana iliyojificha ndani ya F. Ni kama pipa linalovuja: kujua limevuja kwa muda gani, haitoshi kujua maji yaliyobaki na kasi ya kuvuja, lazima ujue lilianza na maji kiasi gani. Ile fomula inachukulia kwamba hewa imekuwa na kaboni-14 kiasi kilekile tangu zamani. Haikuwa hivyo. Kaboni-14 hutengenezwa angani na miale kutoka anga za mbali, na usumaku wa dunia huizuia sehemu ya miale hiyo. Enzi tunayoizungumzia usumaku ulikuwa dhaifu kuliko leo, na bahari nayo ilikuwa ikibadilishana kaboni na hewa kwa namna tofauti. Hewa ilikuwa na kaboni-14 nyingi zaidi.

Nyingi kiasi gani? Hapa hesabu inanoga. Tuseme tope lile kweli lina miaka 14,500. Kwa kasi halisi ya kupungua, kitu cha umri huo kinapaswa kubakiwa na asilimia 17.3 ya kaboni-14 iliyoanza nayo. Sisi tumekuta asilimia 21.36 ya kiwango cha leo. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, unapata 1.23. Yaani hewa ya wakati ule ilikuwa na kaboni-14 zaidi kwa takriban asilimia 23, na ziada hiyo ndiyo inayolifanya tope lionekane kijana kwa miaka elfu mbili.

Tunajuaje, kama si kujizungusha kwenye duara? Kwa vitu ambavyo umri wake unahesabika bila kaboni. Pete za miti zinatupeleka zaidi ya miaka 12,000 nyuma, pete moja kwa mwaka mmoja. Kwa zamani zaidi kuna Ziwa Suigetsu la Japani, ambalo tope lake limejipanga kwa tabaka za kila mwaka na ndani yake kuna majani yaliyodondoka kutoka mitini. Hesabu tabaka, pima kaboni ya jani, weka nukta kwenye grafu. Nukta nyingi za namna hiyo, pamoja na zile za mawe ya mapangoni na matumbawe, ndizo zilizounda grafu ya masahihisho iitwayo IntCal20. Ukiingiza 12,400 humo, inatoka kati ya miaka 14,200 na 14,900 hivi. Mwandishi mmoja akatumia kipimo kibichi na kukipunguza kuwa 12,000. Mwingine akatumia kilichosahihishwa na kukiongeza kuwa 15,000. Kwisha habari.

Angalia pia kwamba jibu lililosahihishwa ni masafa, si mwaka mmoja. Grafu ile hainyooki, ina mabonde na sehemu bapa. Sehemu bapa mbaya kuliko zote kwa historia ya ukanda huu iko kati ya mwaka 800 na 400 kabla ya Kristo. Kitu chochote cha karne hizo nne hutoa kipimo cha karibu 2,450, kiwe cha mwanzo au cha mwisho wake. Ng'ambo ya ziwa, huko Katuruka mkoani Kagera, Peter Schmidt alichimba miaka ya 1970 mabaki ya kazi ya kuyeyusha chuma, na baadhi ya tarehe za mwanzo kabisa zinaangukia humohumo. Ongeza kwamba mkaa wa kufulia chuma unaweza kutoka kwenye kiini cha mti mkubwa uliokuwa na umri mrefu siku unakatwa, na kaboni inapima pete ile ilipoota, si siku tanuru lilipowashwa. Kwa hiyo nikisoma "chuma cha Kagera ni cha mwaka 500 kabla ya Kristo" bila masafa, siamini ule uhakika, hata kama naamini kwamba ni cha kale sana.

Turudi kwenye tope, maana swali la mwalimu mwenzangu lililofuata lilikuwa zuri zaidi. "Basi pimeni chini ya huo udongo mkavu, tujue ziwa lenyewe lilianza lini."

Ziwa Victoria linakadiriwa kuwa na miaka 400,000. Makadirio hayo yametokana na unene wa tope na kasi ya kujikusanya kwake, si kaboni, na haingewezekana kuwa kaboni. Gramu moja ya kaboni ya kitu kilicho hai leo ina atomu za kaboni-14 karibu bilioni 60. Zinasikika nyingi. Lakini miaka 400,000 ni nusu-uhai 70, na ukiigawa bilioni 60 kwa mbili mara 70, hupati hata atomu moja. Hakuna cha kupima, hata ukinunua mashine ya gharama kubwa kiasi gani.

Ubaya ni kwamba mashine haitakujibu "hakuna". Itakupa namba. Mzizi mwembamba uliopenya, vidole, vumbi la chumba, hata kemikali za maabara, vyote vina kaboni ya leo. Tuseme uchafu huo ni asilimia 1 tu ya sampuli. Kwenye tope letu la miaka 12,400, F inapanda kutoka 0.2136 hadi 0.2215, na umri unashuka hadi 12,100. Miaka 300 si haba, ila inavumilika. Weka asilimia 1 hiyohiyo kwenye tope la miaka 400,000. F yake ilikuwa sifuri, sasa ni 0.01, na fomula inasema miaka 37,000. Hiyo si tarehe ya ziwa, ni kiasi cha uchafu kilichoandikwa kwa lugha ya miaka. Sampuli ya miaka milioni mia ingetoa 37,000 ileile.

Ndiyo maana maabara makini hupima pia kitu kinachojulikana hakina kaboni-14, makaa ya mawe kwa mfano, kwa kukipitisha hatua zilezile zote. Umri unaosomwa hapo, mara nyingi kati ya 45,000 na 50,000, ndio ukuta wao. Sampuli ikiukaribia, taarifa ya haki huandika "zaidi ya 45,000" na kunyamaza. Dalili nyingine unaweza kuiona mwenyewe kwenye jedwali: kadiri muhimili unavyoshuka umri unapanda, halafu ghafla unagoma, tabaka tatu au nne zinarudisha 40,000 na kitu bila mpangilio. Au sampuli ikioshwa tena kwa asidi na magadi inazeeka kwa miaka elfu kadhaa. Usafi hauongezi umri. Umeondoa kaboni ngeni tu.

Nasema haya kwa sababu bado nasikia watu wakidai fuvu la Olduvai lilipimwa kwa kaboni. Halikupimwa hivyo. Umri wake wa miaka milioni 1.75, uliotangazwa mwaka 1961, ulitoka kwenye majivu ya volkano yaliyokuwa kwenye tabaka zake, kwa mbinu ya potasiamu na agoni. Potasiamu-40 ina nusu-uhai ya miaka bilioni 1.25, kwa hiyo kwa umri ule bado ipo tele. Na wageni wanaouliza kama Jiwe la Bismarck pale ufukweni limepimwa kaboni, huwa nawajibu kwamba lile ni granaiti, halikuwahi kupumua hewa wala kula kilichopumua. Granaiti za ukanda huu zina zaidi ya miaka bilioni 2.5, na saa yake ni urani inayogeuka risasi ndani ya chembe za zirkoni.

Kwa wanaoandika mabango na vipeperushi vya furu, ombi langu ni dogo: andikeni "takriban miaka 14,500, iliyosahihishwa", na kama sampuli ilikuwa tope zima au kipande cha mmea, semeni. Tope hubeba kaboni ya kale iliyooshwa na mito kutoka mabondeni, na hiyo grafu ya masahihisho haiwezi kuiona.