"Aweze kufanya titresheni" si lengo

Katika maandalio mengi ya somo la kemia niliyoyasoma, lengo mahususi la kipindi cha maabara huandikwa hivi: "Mwanafunzi aweze kufanya titresheni kwa usahihi." Kwa maoni yangu, sentensi hiyo haimsaidii mwalimu anayesimama kati ya meza akitazama mikono ya wanafunzi, kwa sababu neno "kufanya" limefunika vitendo kadhaa na neno "usahihi" halina kipimo.

Kamati iliyoongozwa na Benjamin Bloom ilitoa ngazi za nyanja ya utambuzi mwaka 1956, na zile za nyanja ya mwelekeo zikafuata mwaka 1964, lakini haikutoa ngazi za stadi za mikono na mwili. Pengo hilo lilijazwa na wengine, akiwemo R. H. Dave, ambaye mwaka 1970 alipanga ngazi tano: kuiga, kutenda kwa kufuata maelekezo, kutenda kwa usahihi, kuunganisha vitendo, na hatimaye kutenda kwa mazoea bila kufikiria. Mwalimu anayeonyesha zoezi mara moja, kisha akalisahihisha kwa kutazama jibu la mwisho, amefundisha ngazi ya kwanza na kupima ya tatu.

Lengo hilohilo ningeliandika hivi: "Akipewa bureti ya mililita 50, pipeti ya mililita 25, asidi ya haidrokloriki, myeyusho wa hidroksidi ya sodiamu na fenolfthalini, mwanafunzi atafanya titresheni bila kusaidiwa hadi apate vipimo viwili visivyopishana kwa zaidi ya mililita 0.10." Hapa vifaa vimetajwa, kiwango kimetajwa, na maneno "bila kusaidiwa" yanaonyesha ngazi inayodaiwa. Kiwango chenyewe hakikuokotwa hewani: bureti hiyo ina mistari ya kila mililita 0.1, na jicho lililozoea husoma hadi nusu ya mstari, yaani 0.05.

Hata hivyo, lengo hilo bado lina tundu, nami nilichelewa kuliona. Tuseme mwanafunzi amepata 24.60 na 24.65. Vipimo vinakubaliana na kiwango kimefikiwa, lakini kila mara alipomwaga besi kutoka kwenye pipeti alipuliza tone linalobaki kwenye ncha. Pipeti ya aina hiyo imepimwa kwa kuzingatia kwamba tone hilo litabaki ndani. Kwa hiyo kila chupa ilipokea besi zaidi kidogo ya mililita 25, nayo asidi iliyohitajika ikazidi kwa uwiano uleule. Makosa yanayojirudia kwa namna moja hutoa majibu yanayofanana, na karatasi ya majibu haiwezi kuyafichua. Ndiyo maana ninaongeza vitendo vinavyoonekana kwa macho: kusuuza bureti kwa asidi itakayowekwa humo, kutoa kiputo cha hewa kwenye ncha yake kabla ya kusoma, kuondoa faneli, na kugusisha ncha ya pipeti kwenye ukuta wa chupa bila kupuliza. Chupa yenyewe husuuzwa kwa maji yaliyotoneshwa tu.

Michezoni, kama katika mpira wa kikapu, tundu huwa upande wa masharti. "Atafunga mitupo huru 6 kati ya 10" ni lengo linalopimika kabisa, ila halisemi lolote kuhusu mchezaji yuleyule akiwa amechoka na mpinzani amemnyooshea mikono usoni. Kama stadi inayotakiwa ni ya kufunga mchezo ukiendelea, mpinzani lazima aandikwe ndani ya lengo.

Sasa nirudi maabara, kwa sababu kiwango cha 0.10 kina athari nyingine. Mwanafunzi aliyepata 24.60, kisha 25.05, muda ukiwa umebaki dakika tano, anajua alama ziko wapi, na kalamu yake huelekea 24.65. Nyanja ya mwelekeo huanzia hapo, nayo kwa kawaida huandikwa kwa maneno yasiyoweza kuonekana, kama vile "athamini ukweli wa data". Ninapendelea hivi: "Mwanafunzi ataandika kila kipimo kwa wino kabla ya kuanza kingine, na kipimo asichokitumia atakikata kwa mstari mmoja unaokiacha kisomeke, akieleza sababu." Kufanya hivyo mbele ya mwalimu, siku ya alama, ni kuitikia tu, ngazi iliyo chini ya kuthamini. Dai la kwamba anathamini linahitaji ushahidi wa vipindi kadhaa visivyosahihishwa, na sidhani kama mwelekeo huo unastahili kugeuzwa kuwa alama.

Kinachowezekana ni kutomwadhibu aliyeacha 25.05 ikisomeka. Ninapokusanya madaftari ya darasa zima la wanaoanza na kukuta vipimo vyote vimekaribiana kwa 0.05, bila hata kimoja kilichokatwa, siwasifu kwa stadi. Ninawapa zoezi hilohilo tena, safari hii nikiwa nimetangaza kwamba halina alama.