Swala mmoja kwa simba wanne

Kuna maelezo yanayorudiwa sana kwamba simba huwinda kwa kundi kwa sababu wanapenda umoja, na chui huwinda peke yake kwa sababu ni mchoyo. Mimi naona maelezo hayo ni ya binadamu, si ya mnyama. Ukitaka kuelewa, anza na mzoga wenyewe, uulize una nyama kiasi gani na nani atawahi kuila.

Chukua swala tomi wa kilo 20. Ukitoa mifupa mikubwa na vilivyomo tumboni, hubaki nyama ya kama kilo 13. Simba jike huhitaji wastani wa kilo 5 hivi kwa siku. Majike wanne wakigawana swala huyo, kila mmoja hapati hata kilo 3 na nusu, na kesho wanarudi kunyatia wakiwa bado na njaa. Chui ana mwili mdogo kuliko simba na hula kidogo zaidi, hivyo swala huyohuyo humtosha siku kadhaa.

Hapo mtu atasema: lakini wakiwa wengi si wanapata windo kirahisi? Ni kweli, ila kwa kiasi. George Schaller, aliyewafuatilia simba wa Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1960, aliona kwamba simba wawili wakiwinda pamoja hufanikiwa karibu mara mbili ya simba mmoja. Kuongeza wengine zaidi hakukuleta tofauti kubwa kama hiyo. Sasa piga hesabu. Nafasi ya kupata imekuwa mara mbili, lakini midomo nayo ni miwili. Kwa swala mdogo, kila mmoja anabaki palepale alipokuwa.

Ni mnyama mkubwa anayegeuza hesabu. Nyumbu wa kilo 170 ana nyama zaidi ya kilo 100. Simba jike mmoja akimwangusha, atashiba, pengine kwa kilo 20 au 30, kisha atalala pembeni akihema. Zilizobaki zitaliwa na fisi na tai, na fisi wakiwa wengi watamfukuza hata yeye. Kwa hiyo mwenzake akija kula, anachukua nyama ambayo kwa sehemu kubwa ingepotea tu. Kugawana nyumbu hakumgharimu kama kugawana swala, na hao walioshiba pamoja ndio watakaoulinda mzoga. Kwa nyati wa kilo 500 na zaidi, mwenye pembe na wenzake wa kumtetea, simba wengi wanahitajika hata kabla ya mlo. Teke au pembe moja inaweza kuvunja taya, na simba asiyeweza kutafuna hana siku nyingi.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni tabia ya simba wenyewe. Watafiti wa Serengeti, David Scheel na Craig Packer, waliona kwamba windo likiwa ngiri, mara nyingi mmoja huenda na wengine hukaa wakitazama. Likiwa nyati, huinuka kushiriki. Kama ungekuwa umoja tu unaowasukuma, wangemfuata hata ngiri.

Chui yuko upande wa pili wa hesabu hiyo. Windo lake zuri lina kilo 10 hadi 40: swala pala, pongo, funo. Huliotea vichakani mpaka abakize mita chache, kisha huruka. Chui wa pili hapo ni mwili mwingine wa kuonekana na harufu nyingine ya kunuswa, na wakifanikiwa nyama inagawanywa mara mbili. Dhidi ya fisi, badala ya kutegemea wenzake, yeye hutegemea mti. Huweza kumpandisha mnyama mwenye uzito unaokaribia wake, akamla taratibu kwa siku kadhaa. Nyumbu mzima asingepanda naye.

Lakini nisiitie chumvi hesabu yangu. Simbamarara wa Asia huangusha nyati mwitu peke yake, na hana kundi. Yeye huishi msituni, ambako mzoga hauonekani kutoka mbali na wezi si wengi kama kwenye uwanda wa nyasi. Packer na wenzake pia waligundua kwamba msimu wa uhaba, simba wa makundi ya wawili hadi wanne walikula kidogo kuliko aliyewinda peke yake, na bado hawakuachana. Walikuwa na watoto wa kuwakinga dhidi ya madume wageni wanaowaua, na eneo la kulinda dhidi ya majirani. Kwa maoni yangu, ukubwa wa windo unaeleza vizuri ni lini simba huinuka pamoja na kwa nini chui hahitaji mwenzi, lakini kinachowafanya majike walale pamoja mchana kutwa, hata wakiwa na njaa, ni wale watoto.