Mgeni Akiitwa Andrea, Usibahatishe

Ofisi nyingi za utalii hapa Moshi na Arusha huwatumia wageni ujumbe wa WhatsApp siku moja kabla ya kupanda mlima. Ule wa Kihispania, wa kumkaribisha mgeni, kumwambia amesajiliwa na kumuuliza kama yuko tayari, mara nyingi husomeka hivi: "Bienvenido, Andrea. Está registrado para la subida. ¿Está listo?" Kihispania chenyewe ni safi, ila kwa kiishio -o kimemfanya mgeni kuwa mwanaume mara tatu: bienvenido, registrado, listo. Na Hispania, Andrea kwa kawaida ni mwanamke.

Kuna anayesema jina la kwenye pasipoti linatosha kuamulia. Halitoshi. Andrea huyohuyo akitoka Italia, kwa desturi ni mwanaume, sawa na Nicola na Simone.

Dawa iliyozoeleka ni alama ya mkwaju: "Bienvenido/a, está registrado/a, ¿está listo/a?" Mimi siipendi. Ujumbe wa mistari miwili unageuka fomu ya kujaza, na mgeni anaona wazi kwamba hatumjui. Wengine huweka @, bienvenid@, alama isiyo na namna ya kutamkwa.

Ninachoshauri ni kumwondoa mgeni kwenye upatanisho. Sisi wa Kiswahili tunalijua hili kutokana na ngeli: mgeni amesajiliwa, lakini nafasi imethibitishwa. Nomino ikibadilika, kiambishi kinaifuata. Nao Wahispania na Waitaliano wana utaratibu wa namna hiyo, kwa hiyo tuandike habari za nafasi badala ya mgeni:

"Hola, Andrea. Le damos la bienvenida. Su reserva para Machame está confirmada. ¿Todo listo para la subida?"

Hapo confirmada inafuata reserva, yaani nafasi, listo inafuata todo, na bienvenida ni nomino isiyobadilika hata ukimwandikia babu. Le ni ya wote, mwanamke na mwanaume. Kiitaliano nacho kinakubali:

"Gentile Andrea, Le diamo il benvenuto. La Sua prenotazione per Machame è confermata. Tutto pronto per la salita?"

Gentile haina jinsia, tofauti na Caro au Cara. Kihispania hakina bahati hiyo kwenye Estimado, ndiyo maana nimeanza na Hola.

Mgeni akijibu "estoy lista" au "sono pronta", yaani niko tayari, amejitambulisha mwenyewe kuwa ni mwanamke. Kuanzia hapo mwandikie kwa jinsia yake, kwani kuendelea kukwepa kutaonekana ubaridi. Ila hakikisha aliyejibu ndiye msafiri, maana wengi huwekewa nafasi na mume, mke au wakala.

Tazama pia upande wa mtumaji. Dada wa mapokezi akiandika "Encantada de atenderle", yaani nafurahi kukuhudumia, sentensi inamhusu yeye, na kaka wa zamu ya usiku akiinakili tu atajiita mwanamke. "Es un placer atenderle" inawafaa wote wawili.