Alfa ya 0.82 si ruhusa ya kujumlisha

Hapa Goma, mwanafunzi akishaingiza majibu ya utafiti wake kwenye kompyuta, cha kwanza anachotafuta ni alfa ya Cronbach, namba inayosema maswali yake yanakwenda pamoja kiasi gani. Ikivuka 0.70 anapumua, anajumlisha maswali yote yawe alama moja, anaingia sura inayofuata. Mimi naona kazi nyingi huharibikia hapo, tena kwa alfa nzuri kuliko kwa alfa mbaya. Ile mbaya angalau humrudisha mtu kwenye maswali yake.

Tuchukue maji, maana hilo kila mtu wa mji huu analijua. Tuseme umeandika maswali 12 kuhusu taabu ya maji nyumbani kwa mwezi uliopita, na kila moja linajibiwa kuanzia 0, yaani haikutokea, hadi 3, yaani ilitokea mara nyingi. Sita ni ya mwendo: watoto kuchelewa shule kwa kwenda kuchota ziwani, mgongo kuuma kwa kubeba bidoni la lita 20, na mengine ya namna hiyo. Sita ni ya faranga: kukopa ili kununua maji, kupunguza chakula ili bidoni lijae. Yote ni taabu ya maji, nani atabisha?

Sasa fikiria familia zenyewe. Anayetuma watoto ziwani huenda ananunua maji pia, huenda hanunui. Anayenunua, labda kule Ndosho ambako ziwa liko mbali, huenda anatembea hadi ufukweni, huenda hatembei. Maswali ya mwendo yanakwenda pamoja, tuseme kwa uhusiano wa 0.60 kati ya kila mawili, na ya faranga vilevile. Lakini kati ya kundi moja na lingine uhusiano ni sifuri. Ukijua swali moja la mwendo limejibiwaje, hujui lolote kuhusu deni la maji.

Maswali 12 yanatoa jozi 66. Jozi 30 zina 0.60, na 36 zilizobaki zina 0. Wastani wake ni karibu 0.27. Alfa iliyosanifishwa inahitaji namba mbili tu, idadi ya maswali k na huo wastani r:

```
alfa = k*r / (1 + (k-1)*r)
```

Weka 12 na 0.27, unapata 0.82. Mtihani umepita, na kipimo hakipo. Una vipimo viwili visivyojuana, vimefungwa kwenye mfuko mmoja. Familia iliyojibu 3 kwenye maswali yote ya mwendo na 0 kwenye ya faranga inapata 18. Jirani yake mwenye majibu yaliyopinduka anapata 18 pia. Ukiandika kwamba nyumba hizo mbili zina taabu sawa, umeandika nini?

Alfa haikudanganya. Inapima tu ni kiasi gani maswali, yakichukuliwa yote kwa pamoja, yanapanda na kushuka pamoja, na inapanda pia kwa sababu maswali ni mengi. Uhusiano ukiwa dhaifu, wastani wa 0.20 tu, maswali 12 yanakufikisha 0.75. Cronbach alipoichapisha mwaka 1951 hakuiweka iwe cheti kwamba maswali yote yanagusa kitu kimoja. Hicho unatakiwa uwe nacho kabla, kutoka kwenye wazo lako na kwenye jedwali la uhusiano.

Jedwali hilo ndilo watu wanaloruka. Kwenye programu ya R ni mistari michache, d ikiwa jedwali la majibu yako, maswali ya mwendo yakitangulia:

```
library(psych)
round(cor(d, use = "pairwise"), 2)
alpha(d[, 1:6])
alpha(d[, 7:12])
```

Kwa mfano wetu ungeona kona mbili zilizojaa 0.60 na kona mbili zilizobaki zimejaa 0. Kisha kila sita peke yake inatoa alfa ya 0.90, juu ya ile ya maswali 12. Maswali yakipungua nusu na alfa ikapanda, hiyo ni alama ya wazi kwamba ulichanganya vitu. Uchambuzi wa vigezo, yaani factor analysis, unaotafuta makundi ya maswali yanayokwenda pamoja, utakuonyesha hivyohivyo hata pale makundi hayajatengana waziwazi namna hii.

Kuna jambo dogo linalonikera. Programu ya takwimu ya SPSS ina safu ya "Cronbach's Alpha if Item Deleted", na watu hufuta swali lolote linaloshusha namba. Mara nyingi swali hilo halina kosa. Ni swali kama "maji yalitutosha", ambalo limeelekea upande wa pili, na jibu lake lilipaswa kugeuzwa kwa 3 kutoa jibu kabla ya kujumlisha. Dalili yake ni uhusiano hasi na jumla ya maswali mengine. Ligeuze kwanza, halafu pima upya.

Kwa maswali yetu 12 mimi ningeripoti alama mbili, ya mwendo na ya faranga, kila moja na alfa yake. Mwalimu anayesimamia akidai namba moja kwa kila familia, mwonyeshe zile nyumba mbili za 18.