Kikadiriaji cha OLS kinadai machache kuliko tunavyokidai

"Mabaki hayafuati mgawanyo wa kawaida, kwa hiyo makadirio yako ya OLS yana upendeleo. Rekebisha."

Maoni ya aina hii huandikwa pembeni mwa tasnifu za uchumi na takwimu, na mwanafunzi hutii. Anabadilisha mavuno kuwa logi, anafuta mistari miwili ya data inayomharibia grafu, jaribio linapita, kazi inasonga. Anayesimamia kazi ana hoja, na nitaifikia. Ila hoja hiyo haihusu upendeleo, na njia rahisi ya kuona hivyo ni kukitoa kikadiriaji cha OLS, yaani cha miraba midogo kabisa, mwanzo hadi mwisho, huku tukiandika kila sharti pale tu linapohitajika.

Tuna vekta y ya matokeo n na matriki X yenye safu mlalo n na safu wima k, ya kwanza ikiwa ya moja tupu kwa ajili ya kisimamo. Tunatafuta b inayofanya jumla ya miraba ya mabaki iwe ndogo kabisa:

```
S(b) = (y − Xb)'(y − Xb)
     = y'y − 2b'X'y + b'X'Xb
```

Istilahi mbili za katikati zimeungana kwa sababu b'X'y ni namba moja, na namba moja ikigeuzwa hubaki ileile. Chukua derivativu kwa b, iweke sawa na sifuri:

```
−2X'y + 2X'Xb = 0
X'Xb = X'y
b = (X'X)⁻¹X'y
```

Sharti la kwanza, na la pekee hadi hapa, limeingia kwenye mstari wa mwisho: X'X lazima iwe na kinyume, yaani pasiwe na safu wima ya X inayoweza kuundwa na nyingine. Ukiweka kisimamo, kigeu cha "mwanamke" na kigeu cha "mwanamume" kwa pamoja, viwili vya mwisho vikijumlishwa vinakupa cha kwanza na hesabu inakwama. Sharti hilohilo linahakikisha kwamba 2X'X, derivativu ya pili, ni chanya, kwa hiyo tumefika chini ya bonde na si juu ya kilele. Hakuna bahati nasibu iliyotajwa, wala mgawanyo wowote. Hii ni jiometria tu: tumekiangusha kivuli cha y juu ya safu wima za X.

Sasa rudi kwenye mstari wa pili, X'Xb = X'y. Uhamishe upande mmoja, unapata X'(y − Xb) = 0, yaani X'e = 0, ambapo e ni mabaki. Hapa ndipo nataka msomaji akae kidogo. Mabaki ya OLS hayana uhusiano wa mstari na kigeu chochote kilichomo ndani ya X. Si kwa sababu modeli ni nzuri, wala kwa sababu data ni safi. Ni kwa sababu tumeyalazimisha. Modeli iwe sahihi au ya kipuuzi, X'e itakuwa sifuri. Kwa hiyo mtu anayekokotoa uhusiano kati ya mabaki na vigeu vyake, akaona sifuri, akaandika kwamba "vigeu havihusiani na makosa", amepima utii wa kompyuta yake. Makosa ya kweli, u, hayaonekani. Mabaki ni kile kilichosalia baada ya X kujichukulia kila ilichoweza, pamoja na kisicho chake.

Upendeleo unaingia tunapodai kwamba data zilitoka mahali fulani: y = Xβ + u, ambapo β ni thamani za kweli tunazozitafuta. Weka hiyo ndani ya fomula:

```
b = β + (X'X)⁻¹X'u
E[b|X] = β + (X'X)⁻¹X'E[u|X]
```

Ikiwa E[u|X] = 0, istilahi ya pili inatoweka na wastani wa b ni β. Hesabu imekwisha. Masharti ni matatu: modeli ni ya mstari katika β, X'X ina kinyume, na wastani wa makosa ukishazijua X zote ni sifuri. Makosa yanaweza kuwa na mkia mrefu upande mmoja, yanaweza kutawanyika zaidi kwa wakulima wakubwa kuliko wadogo, yanaweza hata kufuatana jirani kwa jirani. Mradi wastani wake upo na ni sifuri kwa kila X, b haina upendeleo.

Neno "zote" hapo lina uzito. Katika data za mfululizo wa wakati, ukieleza y ya mwaka huu kwa y ya mwaka jana, kosa la mwaka huu linaingia kwenye kigeu cha mwakani, na E[u|X] = 0 inavunjika hata kama makosa yenyewe ni ya mgawanyo wa kawaida kamili na hayategemeani. Upendeleo wake, modeli ikiwa na kisimamo, ni takriban −(1 + 3ρ)/T, ambapo ρ ni mgawo wa kweli wa y ya mwaka jana na T ni idadi ya miaka. Kwa ρ ya 0.8 na miaka 30, hiyo ni kama −0.11. Mabaki yanapita jaribio lolote la umbo, na kadirio bado linaelea karibu na 0.69.

Je, msimamizi wetu amekosea kabisa? Hapana. Sharti kwamba makosa yana variansi ileile na hayahusiani ndilo linaloipa OLS cheo cha kuwa na variansi ndogo kuliko vikadiriaji vyote vya mstari visivyo na upendeleo, na ndilo linalohalalisha fomula ya kawaida ya makosa sanifu, σ²(X'X)⁻¹, ambapo σ² ni variansi ya makosa. Mgawanyo wa kawaida ndio unaofanya majaribio ya t na F yawe sahihi kabisa katika sampuli ndogo. Mwenye mistari 15 ya data akipuuza hayo, nyota zake pembeni mwa jedwali hazina maana. Gauss mwenyewe alipitia njia zote mbili: mwaka 1809 aliiegemeza njia ya miraba kwenye mgawanyo wa kawaida, na katika kazi yake ya miaka ya 1820 akauacha, akaonyesha ubora wake kwa kutumia wastani na variansi peke yake. Hivyo masharti yale ni ya kweli, ila yanajibu swali la usahihi wa kipimo. Kuyachanganya na upendeleo kuna gharama: mwanafunzi anatumia mwezi mzima kutengeneza umbo la mabaki, na hana sentensi moja inayoeleza kwa nini E[u|X] ingekuwa sifuri katika data zake.

Tuchukue mfano mdogo wa kutunga, unaoweza kukokotolewa kwa kalamu. Mashamba manne ya mahindi, mifuko ya mbolea kwa ekari ni 0, 1, 2, 3, na mavuno ni magunia 2, 3, 7, 8.

```
X'X = [4  6; 6 14]    X'y = [20; 41]
b = [1.7; 2.2]
e = [0.3, −0.9, 0.9, −0.3]
```

Kila mfuko, inasema OLS, unaongeza magunia 2.2. Mabaki yanajumlishwa kuwa sifuri, na ukiyazidisha kwa mbolea unapata 0 − 0.9 + 1.8 − 0.9, sifuri tena. Picha safi. Lakini nimezitunga data hizi, kwa hiyo najua siri yake: ukweli ni y = 1.5 + 1·x + 2·z + v, ambapo z ni daraja la rutuba ya udongo, 0, 1, 1, 2, na v ni bahati ya msimu, 0.5, −1.5, 1.5, −0.5. Mwenye udongo mzuri ndiye aliyenunua mbolea zaidi. Mfuko unaongeza gunia moja tu. Kosa la kweli la modeli fupi ni 2z + v, yaani 0.5, 0.5, 3.5, 3.5, linalopanda waziwazi pamoja na mbolea, na hakuna chembe ya kupanda huko iliyosalia kwenye mabaki. Imehamia yote kwenye mteremko: (X'X)⁻¹X'z inatoa 0.6 kwa mbolea, zidisha kwa 2, upendeleo ni 1.2. Mfuko ukiuzwa kwa bei ya gunia moja na nusu, mkulima anayeamini 2.2 anakula hasara kwa kila mfuko huku jedwali likimwambia anapata faida.

Basi tuongeze z na tuwe tumemaliza? Hapa upande wa msimamizi, wa usahihi wa kipimo, unapata ushindi wake, na ni haki yake. Ukifanya regresheni ya y kwa x na z pamoja katika mashamba hayo manne, unapata 2 + 4x − 3z. Inapita kwenye kila nukta. R² ni 1. Inasema mfuko unaleta magunia manne na kwamba rutuba inapunguza mavuno. Na kikadiriaji hiki ndicho kisicho na upendeleo! Kutokuwa na upendeleo ni habari ya wastani wa misimu mingi ambayo ingeweza kutokea, si ahadi kuhusu msimu huu. Rutuba na mbolea zinakwenda pamoja mno, na mistari minne haitoshi kuzitenganisha.

Ukubwa wa tatizo unahesabika. Tuseme variansi ya v ni 1. Mteremko wa modeli fupi una variansi 0.2, wa modeli ndefu una 2, mara kumi. Ukijumlisha mraba wa upendeleo na variansi, modeli fupi yenye upendeleo ina 1.44 + 0.2 = 1.64, ndefu ina 2. Kwa mashamba manne, aliyepinda anakaribia ukweli kuliko aliyenyooka. Sasa weka mashamba 40, kumi ya kila aina: variansi zinagawanywa kwa kumi, fupi inabaki na 1.46, ndefu inashuka hadi 0.2. Data zaidi ziliiponya variansi. Ile 1.44 haikuguswa, na isingeguswa hata kwa mashamba 40,000.

Ndiyo maana maoni ninayotamani yaandikwe pembeni mwa tasnifu ni mawili, na yasiunganishwe. La kwanza: nani aliamua shamba lipi lipate mbolea kiasi gani, na alijua nini ambacho wewe hukukipima? Kama mifuko iligawiwa kwa kura, E[u|X] = 0 inatokana na kura yenyewe; kama mkulima alijichagulia, eleza. La pili: sampuli yako ni ndogo, makosa sanifu umeyakokotoaje? Hilo la pili lina dawa kwenye programu yoyote ya takwimu. La kwanza halina amri ya kuandika.