Watoto watatu, kitabu kimoja, tafadhali

Nimeenda duka la vitabu nikamwambia muuzaji nataka hadithi ndefu ya kuwasomea wanangu usiku, mmoja ana miaka mitano, mwingine tisa, mkubwa kumi na nne. Jamaa akanipangia vitabu vitatu mezani, kila mtoto na chake. Sasa kaka, nina midomo mitatu mimi?

Mimi nimerudi kwa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya 1952. Najua mtasema hicho ni cha mtihani. Ndiyo shida yenyewe, mmekikariri mkasahau kinavyosisimua! Ikibali anatumwa na Mfalme Rai kwenda Janibu kwa Adili kufuata kodi, halafu usiku anamwona mwenyeji wake kwa siri, mtu mpole vile, anawachapa nyani wawili huku analia. Kwa nini umchape unayemlilia? Pale ndo nilifunga kitabu. Wakapiga kelele wote, ila kila mtu na lake: mdogo anataka kujua nyani wanaumwa wapi na kama wamekula, wa kati anataka jibu sasa hivi, mkubwa aliyekuwa anajifanya yuko bize na simu akauliza "kwani nani anamlazimisha?" Swali moja linashikwa na umri wote, ndo kitu ninachotafuta mimi kwenye kitabu cha familia, hayo mambo ya "ngazi ya kwanza, ngazi ya pili" wabaki nayo shuleni.

Tena jibu halitoki haraka, linakuja Adili mwenyewe akisimulia mbele ya mfalme, na ukishajua hao nyani ni ndugu zake Hasidi na Mwivu kila kipigo ulichosoma mwanzo kinabadilika maana. Mkubwa wangu alishtukia kwenye majina tu, akanyamaza asiwaharibie wadogo, nikashangaa.

Sawa, kina kasoro zake. Sifa za Mfalme Rai kule mwanzo ni ndefu, mdogo atasinzia, kwa hiyo mimi nasimulia kwa maneno yangu mpaka Ikibali anapofunga safari. Neno gumu nabadilisha hapo hapo nikisoma, simami kufundisha, ukianza "neno hili maana yake nini" umeshageuka mwalimu wa zamu. Mawaidha yakizidi naruka. Kile kisa cha ndugu kumtosa mwenzao baharini nilikisoma mchana, maana yule wa miaka mitano analala na kaka yake chumba kimoja na sitaki kesi saa nane za usiku.

Abunuwasi naye anachekesha wote, lakini visa vyake vinaisha palepale, kesho hakuna anayekimbilia kitandani kujua kilichoendelea.

Na msiniambie eti mkubwa asome mwenyewe. Anajua kusoma, alikuja kusikiliza.