Ulaini Uliowaudhi Wahakiki

Aprili 1979 jarida la Billboard la Marekani liliibadilisha jina chati yake ya nyimbo tulivu, iliyokuwapo tangu 1961, na kuiita chati ya muziki wa kisasa wa watu wazima. Mwezi huohuo wimbo "What a Fool Believes" wa bendi ya The Doobie Brothers ulishika nafasi ya kwanza kwenye chati kuu ya jarida hilo. Mwaka uliofuata ukapewa Grammy ya rekodi bora ya mwaka na ya wimbo bora wa mwaka. Wasikilizaji walikuwa wameshaupenda. Waandishi wengi wa muziki wa roki, kwa upande wao, waliuona ulaini wa aina hiyo kuwa dalili ya ugonjwa: muziki uliooshwa hadi ukapauka, uliotengenezwa ili usimsumbue mtu garini.

Naupenda muziki huu, na sikubali kuambiwa kwamba kuupenda ni udhaifu wa sikio. Naamini wahakiki wale walikuwa na masikio mazuri, ila walikuwa wakitafuta kitu kingine. Uhakiki wa roki ulizaliwa mwishoni mwa miaka ya sitini, na vijana waliouanzisha walikuwa wakitafuta uasi. Walitaka sauti inayokwaruza, gitaa linalolia, mwimbaji anayeonekana kuumia mbele ya macho yao. Mwaka 1971 Lester Bangs, mmoja wa waandishi wao wakali, alitoa makala ndefu ambayo kichwa chake kilitangaza kwamba mwimbaji James Taylor amepangiwa kifo. Kosa la Taylor lilikuwa kuimba taratibu, na kuimba habari zake mwenyewe. Panki, roki ya kasi na hasira, ilipolipuka mwaka 1976 na 1977, kipimo hicho kikawa kama sheria. Aliyepiga ala vibaya kwa hasira alihesabiwa mkweli, na aliyepiga vizuri kwa utulivu akashukiwa kuwa mfanyabiashara.

Sasa tuutazame wimbo wenyewe. Michael McDonald, mwimbaji wa The Doobie Brothers, aliuandika pamoja na mwanamuziki Kenny Loggins. Loggins amesimulia kwamba alifika nyumbani kwa McDonald, akiwa bado mlangoni akasikia kinanda kikipiga kipande cha wimbo, kisha kikanyamaza. Kichwani mwake wimbo ukaendelea pale ulipokatika. Waliketi wakaumaliza.

Loggins ndiye aliyeutoa kwanza, mwaka 1978, katika albamu yake "Nightwatch". Ukapita bila kishindo. Miezi michache baadaye, Desemba mwaka huohuo, The Doobie Brothers wakautoa katika albamu "Minute by Minute", na safari hii ukavuma. Maneno ni yaleyale, tuni ni ileile. Kilichobadilika ni mpangilio, na hapo ndipo kazi ya muziki huu ilipojificha.

Mtayarishaji wao alikuwa Ted Templeman. Bendi iliurudia wimbo mara nyingi studio bila kuupata mwendo aliokuwa akiutaka, hata mwenyewe akaketi kwenye ngoma na kupiga sambamba na mpigaji wa bendi, Keith Knudsen. Mwishowe akachukua utepe wenye rekodi, akaukata kwa wembe, akaunganisha vipande vizuri kutoka katika majaribio mbalimbali. Ule mtiririko unaosikika kama umetoka kwa pumzi moja umeungwaungwa kwa mkono. Na Templeman huyuhuyu, mwaka huohuo wa 1978, ndiye aliyetayarisha albamu ya kwanza ya bendi ya Van Halen, yenye gitaa la kutoboa masikio. Mtu yule alijua kelele vizuri. Alipochagua ulaini, aliuchagua akijua anachoacha.

Sikiliza kinanda mwanzoni. Hakikanyagi pale mguu wako unapotegemea. Kinagonga kando ya mapigo, kwa vishindo vifupi, na besi mara nyingi inashika noti tofauti na ile ambayo sikio lingeitarajia chini ya sauti za kinanda. Ndiyo maana wimbo unaelea bila kutua. Kisha kinakuja kiitikio: wimbo mzima unahama ufunguo na kupanda, na McDonald, mwenye sauti nzito ya kukwama kidogo kooni, analazimika kupaa mpaka kwenye sauti nyembamba ya juu kabisa. Jaribu kuuimba bafuni utaona pale unapokushinda.

Na unasema nini? Mwanamume anakutana na mwanamke wa zamani, akiamini waliwahi kuwa na mapenzi makubwa. Mwanamke anamtolea tabasamu la adabu, anamsikiliza, kisha anaondoka. Mapenzi yale hayakuwahi kuwapo ila kichwani mwa mwanamume, na hata baada ya kuona hivyo bado anaendelea kuamini. Huo ni ukatili, lakini umesemwa bila kupaza sauti. Aliyekua akisikiliza taarabu hahitaji kuelezwa jinsi neno lililovikwa tuni nzuri linavyoweza kuchoma kuliko tusi. Mhakiki aliyesubiri mayowe alipitwa na kisa chote.

Redio nayo ilikuwa na mchango wake. Mwishoni mwa miaka ya sabini wasikilizaji wa Marekani walikuwa wakihamia masafa ya FM, yenye stereo na sauti safi, na rekodi zilizopangwa kwa uangalifu hivi zilistawi huko. Zilisikilizwa kazini, jikoni, barabarani jioni, na watu wenye watoto na madeni, wengi wao wanawake. Mhakiki alikuwa kijana wa kiume mwenye santuri za bure na usiku mrefu. Nadhani sehemu ya dharau yake ililenga watu hao kabla haijalenga nyimbo.

Lakini wahakiki hawakukosea kila kitu. Vituo vilianza kuajiri washauri waliofupisha orodha za nyimbo na kuogopa chochote ambacho kingemfanya msikilizaji ageuze kitufe. Kwa hiyo zilitengenezwa nyimbo nyingi tupu, zenye ulaini wa juujuu. Kuzitambua si kazi ngumu: ondoa sauti ya mwimbaji akilini, ufuate besi na kinanda peke yake. Kama hakuna kinachokushangaza hata mara moja kabla ya kiitikio, mhakiki alikuwa na haki. Ninaoutetea ni ule ambao chini ya utulivu wake kuna jambo linaendelea.

Kuna watu ambao hawakuhitaji kushawishiwa. McDonald alijifunza kuimba kutoka kwa muziki wa soul, na wenye muziki huo walimtambua. Aretha Franklin aliurekodi "What a Fool Believes" katika albamu yake ya mwaka 1980. Mwaka 1994 rapa Warren G alichukua kipande cha wimbo mwingine wa McDonald, "I Keep Forgettin'", akajenga juu yake "Regulate", na vijana wa mitaa ya Long Beach wakacheza kwa mapigo yaleyale yaliyoitwa ya kivivu. Kundi la rap la De La Soul lilikuwa limetangulia mwaka 1989, kwa kuchukua kipande cha "Peg" ya bendi ya Steely Dan, wimbo ambao sauti ya McDonald inasikika nyuma ya kiitikio, imepangwa juu ya sauti yake mwenyewe mara kadhaa hadi inakuwa kama kwaya. Watayarishaji hao walisaka sakafu imara ya kujengea nyimbo zao, na waliipata katika santuri ambazo wahakiki waliziita sabuni.